Wasia wa Kipofu na wa Asiyejua Kusoma

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada.

Katika aya ya 181 ya Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ameweka dhambi ya kubadili wasia juu ya wale waubadilio baada ya kuusikia. Neno lililotajwa hapo ni kusikia. Basi wasia asili yake ni maneno ya mwenye mali yaliyosikiwa na watu, na karatasi ni chombo cha kuyahifadhi tu. Kwa hiyo kipofu na asiyejua kusoma hawana upungufu wo wote katika kuusia, maadamu wana akili timamu nao ni wenye hiari. Hatari yao ni moja: karatasi yaweza kusema lisilotoka kinywani mwao, wala wao wasijue.

Natuchukue mfano wa mzee kipofu mwenye shamba la minazi 90 iliyo sawasawa, wala hana mali nyingine wala deni. Ana wana wawili walio hai, na mjukuu ambaye baba yake amekwisha kufa. Mjukuu huyu hatarithi, kwani ami zake wamemzuia; na kwa kuwa si mrithi, yafaa kuusiwa. Mzee akamwita mwandishi, akasema, "Mjukuu wangu apewe minazi 30 ya upande wa kisimani." Hiyo ndiyo thuluthi kamili. Mwandishi, pasipo nia mbaya, akaandika kwamba mjukuu apewe shamba la upande wa kisimani. Na upande ule una minazi 50.

Alipomaliza akamwambia mzee, "Nimeandika kuwa mjukuu wako apata sehemu yake ya kisimani. Umeridhika?" Mzee akajibu, "Naam," akatia dole gumba, na watu wawili waliokuwapo wakaandika majina yao. Hapo ndipo penye kosa. Mzee hakusomewa, amesimuliwa tu. Na wale wawili wameshuhudia dole, hawakushuhudia wasia. Siku ya siku kadhi atawatenga na kumwuliza kila mmoja, "Ulisikia nini?" Wakijibu kwamba waliona dole likitiwa wala hawakuelezwa yaliyomo, ushahidi wao hautafaa kitu kwa kauli ya wengi wa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii. Hapo mjukuu aweza kukosa hata ile minazi 30 aliyopewa kweli.

Njia iliyo salama si ngumu. Asome mtu mwingine asiyekuwa mwandishi, kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Mwandishi akisoma mwenyewe, mara nyingi husoma alilokusudia kuandika, si lililoandikwa. Na ikiwa wasia umeandikwa kwa Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi kwa wazee wengi wa pwani, naye mwenye kuusia hakijui, basi ufasiriwe kwa Kiswahili mbele ya wale wale mashahidi, kwani kusikia usilolifahamu si kusikia. Kisha aulizwe, "Umesema nini juu ya mjukuu wako?" naye ajibu kwa maneno yake. Asitosheke mtu na "naam" tupu. Yule mzee, lau angalisomewa hivi, angalisema pale pale, "Sikusema shamba, nimesema minazi 30." Neno lingalisahihishwa, na pale palipofutwa pangalisomwa tena na kutiwa alama.

Dole litiwe baada ya kusoma, kabla ya karatasi kutoka chumbani, na katika kila ukurasa, wala pasiachwe nafasi tupu chini ya maneno. Kisha huandikwa uthibitisho, mathalan hivi: "Wasia huu umesomwa wote kwa Kiswahili na fulani bin fulani mbele ya fulani bin fulani, asiyeona, naye ameyafahamu yaliyomo na kuyakiri kwa ulimi wake, kisha akatia dole lake mbele yetu, nasi tumeyasikia." Iandikwe na tarehe. Neno "tumeyasikia" lisiachwe, ndilo litakaloulizwa. Wala asiyepata kitu katika wasia asiachwe akatafutwa mwenye kupata: mjukuu asiwe shahidi, kwani angejishuhudia nafsi yake.

Hata hivyo kusoma hakuhalalishi lisilojuzu. Lau mzee mwenyewe angalitaka kweli minazi 50 na ikasomwa mara tatu, 20 iliyozidi thuluthi ingalingoja ridhaa ya warithi baada ya kufa kwake. Kadhalika angalimwusia mmoja wa wanawe, ingalitakiwa ridhaa ya mwenziwe.

Na ikiwa karatasi imepotea au imeliwa na mchwa, wale wawili waliosikia watakwenda kwa kadhi na kutoa walichosikia, na mjukuu atapewa minazi yake 30.

Wallahu aalam.