Jua Haliachi Kinyesi

Msimu niliokodi shamba Ruaha Mbuyuni nilikosea mara mbili, kila kosa kinyume cha mwenzake.

La kwanza lilikuwa kwenye pilipili hoho. Miche ilikuwa imekulia kitaluni chini ya kivuli cha nyasi, nami niliihamishia shambani bila kuizoesha jua. Siku ya tatu majani ya juu yakatoka mabaka meupe, makavu kama karatasi. Nikapuliza dawa ya wadudu. Weupe haukuenea, majani mapya yakachipua kijani, nikaisifu dawa. Baadaye nikagundua kumbe hapakuwa na mdudu hata mmoja. Jua lilikuwa limeunguza majani yaliyozoea kivuli, basi.

Wiki kadhaa baadaye vitunguu navyo vikaanza kung'aa mistari ya rangi ya fedha. Nikasema ni jua lile lile, nikaongeza maji kwenye majaruba. Nilipoteza wiki mbili hivyo, mpaka mama mmoja wa shamba la jirani alipokata jani, akalisugua kwa kidole kilicholowa mate na kunionyesha uchafu mweusi.

"Jua haliachi kinyesi, mwanangu."

Akang'oa kitunguu kizima, akapanua majani pale shingoni yanapobanana. Ndani walikuwamo wadudu wa manjano, wembamba, urefu wa milimita moja hivi, wakikimbia mwanga. Ndio thripsi. Hukwaruza ngozi ya jani na kufyonza utomvu. Seli zilizobaki tupu hujaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayong'aa kama fedha. Jani lililoungua jua halina mng'ao huo. Limepauka tu, tena upande uliotazama jua.

Vidoadoa vyeusi ni ushahidi mzuri, ila mvua huviosha, kwa hiyo usivitegemee peke yake. Fungua shingo. Kwenye hoho geuza jani utazame kando ya mishipa, kisha kung'uta maua juu ya karatasi nyeupe: ukiona vijiti vidogo vinatembea, umepata jibu. Angalia pia jani changa. Jua huunguza lililo wazi, lakini thripsi hupenda lile lililojificha, na kwenye hoho hulikunja na kulikunyanza.

Vitunguu vyangu nilivipuliza siku ile ile mama aliponionyesha thripsi, nikadhani nimemaliza. Baada ya siku chache wakarudi, kwa kuwa mayai hutagwa ndani ya jani na mabuu yaliyokomaa hushuka kujibadili udongoni, kote ambako dawa haikufika. Ikabidi nirudie baada ya wiki moja kwa dawa ya kundi jingine, nikielekeza bomba shingoni na kuongeza kinata, maana jani la kitunguu lina nta na dawa huteleza.

Lakini vitunguu vilikuwa tayari vinaanza kuvimba. Majaruba yale niliyoyamwagilia nikidhani ni jua yalitoa vitunguu vidogo, na mnunuzi aliviacha shambani.