Haifuati

Maswali ya mantiki kwenye usaili wa mchujo hukupa kauli mbili na kukuamuru uzichukulie kuwa za kweli. Hili nimelitunga kwa mtindo huohuo:

Baadhi ya viongozi ni wasomi. Hakuna mwizi aliye msomi. Lipi linafuata?

A. Baadhi ya viongozi ni wezi.
B. Hakuna kiongozi aliye mwizi.
C. Baadhi ya viongozi si wasomi.
D. Baadhi ya viongozi si wezi.

Rafiki yangu anayesomea sheria aliicheka kauli ya pili. "Nchi gani hiyo, ndugu yangu?" Akachagua A, kwa sababu ndiyo anayoiona kila siku.

Njia ya kulipima kila jibu ni kujaribu kuliangusha: tafuta hali moja ambamo kauli zote mbili zinasimama na jibu halisimami. Tuseme viongozi wako kumi, wote wasomi. Basi hakuna anayeiba, na A imeanguka. C nayo imeanguka hapohapo, ingawa inawanasa wengi. Mtaani ukisema baadhi ya wageni wamefika, tunaelewa wengine bado. Kwenye mtihani, "baadhi" ni walau mmoja, na haizuii kuwa wote. Sasa tuseme msomi ni mmoja tu, na kati ya wale tisa yumo anayeiba. Kauli zote mbili ziko salama, B imekwenda. Kuiangusha D kungehitaji viongozi wote wawe wezi, lakini yule msomi mmoja hawezi kuwa mwizi. D haianguki.

Mwaka 1983 Jonathan Evans na wenzake wawili waliwapa watu hoja za namna hii. Hitimisho lisilofuata, lakini linaloaminika, lilikubaliwa kwa takriban asilimia 71. Lisilofuata wala kuaminika, asilimia 10. Inaelekea tunakagua kwa bidii lile linalotukera, na linalotupendeza tunalipitisha.

Rafiki yangu anasema mtihani huu unatufundisha utii: meza uongo, kisha piga hesabu. Sikubaliani naye kwa A. Kusema A haifuati si kusema viongozi hawaibi. Wizi wao unaweza kuthibitishwa kwa hati za malipo au mashahidi, ila sentensi hizi mbili haziubebi. Mwanasheria anayeshindwa kutenganisha hayo mawili atamfunga mtu kwa sababu tu anafanana na mwizi.

Lakini ana hoja. Karatasi haina kisanduku cha kuandika kwamba kauli ya pili ni ya uongo. Na ofisini, kauli za namna hiyo huja bila yale maneno "chukulia kuwa", mara nyingi kutoka kwa bosi.

"Kwa hiyo D ni kweli?" aliniuliza.

"Inafuata."

"Sijakuuliza hivyo."