Je, Aliyekufa Aimbiwe Kiitikio Kilekile?

Mtu akifa katika ubeti wa nne, je, ni haki kumrudisha msikilizaji kwenye kiitikio kilekile kilichoimbwa marehemu akiwa hai? Wenzangu hapa Ifakara wanasema najisumbua bure. Wimbo bila kiitikio, eti, ni hotuba yenye gitaa!

Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, kwenda Ulanga ilikuwa ni kivuko au mtumbwi. Hadithi niliyoitunga ni ya mama, mtoto mwenye homa na mvushaji, usiku wa masika. Beti ni tano.

Ndugu msomaji, utenzi ungenirahisishia kazi. Mizani nane kila kipande, basi mahadhi mamoja yanabeba hata beti mia. Lakini mahadhi hayo hayajali nani kafa. Kazi yote wanaachiwa maneno. Mimi nataka muziki wenyewe ujue.

Mwenzetu wa Austria, Franz Schubert, alilifanya hilo mwaka 1815, akiwa na miaka 18. Baba anakimbiza farasi usiku, kampakata mwanawe mgonjwa. Beti zote za shairi zina umbo moja, ila muziki unabadilika kadiri hadithi inavyokwenda. Hakuna kiitikio, na bado hupotei. Piano inapiga kwato karibu mwanzo hadi mwisho, na kila mtoto anapomlilia baba yake, kilio kinapanda juu zaidi. Kwato zinaponyamaza, unajua kabla hujaambiwa.

Bila uzi wa namna hiyo unapata nyimbo tano zilizoshonwa pamoja. Uzi wangu ni kasia: nota tatu za besi. Ubeti wa kwanza zinakwenda taratibu. Wa pili mvushaji anadai nauli kwanza, kwa sauti nzito, karibu na maongezi. Wa tatu mvua inashuka, kasia linaharakisha, na mtoto anaita "mama" mara tatu, kila mara juu kidogo. Wa nne gitaa linaacha. Kasia peke yake. Wa tano wamefika ng'ambo, mvushaji anarudisha nauli, nota zilezile tatu zinapigwa polepole mno.

Namna ya kupima ni rahisi: chukua maneno ya ubeti wa nne, yaimbe kwa tuni ya ubeti wa kwanza. Yakikaa vizuri, hujabadilisha kitu, umepamba tu.

Wenzangu wana hoja moja nzito. Msibani watu wanahitaji mahali pa kuingilia, na kiitikio ndicho mlango wao. Kweli kabisa. Lakini ndani ya mtumbwi ule mama hakuwa na waitikiaji. Nikimpa kundi la watu, nitakuwa nimemdanganya yeye na ninyi.

Mpiga besi wetu bado anataka kiitikio. Nimemwambia akiimbe mara baada ya ubeti wa nne, mbele yangu. Mpaka leo hajaimba.