Natanguliza Shukrani

Ujumbe wenyewe bado ninao kwenye simu. Niliuandika Septemba, saa mbili na robo usiku, nimesimama nje ya chumba cha mitambo cha kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza:

"Shikamoo fundi. Habari za Kasulu, mama anaendeleaje? Samahani sana kukusumbua, najua uko likizo na unastahili kupumzika. Tumepata dharura isiyotarajiwa kwenye mtambo. Kama inawezekana, tunaomba urudi kazini kesho. Siku zako zilizobaki utazichukua baadaye na nauli utarudishiwa. Natanguliza shukrani."

Jibu lilikuja baada ya dakika nne. "Marahaba bosi. Sawa, nakuja."

Kwa umri ni kama baba yangu mdogo, kwa hiyo namwamkia. Kwa cheo mimi ndiye ninayesaini fomu zake. Mambo hayo mawili yamo ndani ya ujumbe huo, na siku ile nilijisifu kwamba nimeyaunganisha vizuri. Nilikuwa nimeufuta na kuuandika upya mara tatu ili usisikike kama amri.

Shida ilikuwa hii. Chumba cha kuhifadhia minofu kinapaswa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tangu mchana kompresa ilikuwa inajizima yenyewe kwa shinikizo kubwa upande wa kutolea gesi. Kijana wa zamu anaiwasha, inakwenda robo saa, inazima tena. Jioni chumba kilikuwa kimepanda hadi nyuzi 14 chini ya sifuri. Minofu iliyojaa chumba haiyeyuki kwa usiku mmoja ukiacha mlango umefungwa, lakini mnunuzi anaangalia kumbukumbu za joto, na kila saa iliyopita ilikuwa inaandikwa humo.

Fundi alipanda basi alfajiri, siku ya kumi ya likizo yake, akaingia kiwandani usiku. Hakugusa spana. Alisoma geji ya shinikizo, akapima joto la amonia inayotoka kwenye kondensa, akalinganisha na jedwali lililobandikwa ukutani. Kwa joto lile, amonia peke yake isingeweza kuwa na shinikizo kubwa namna ile. Kuna kitu kingine kimo ndani ya mabomba. "Hewa," alisema.

Akamweleza kijana, nami nikisikiliza. Amonia inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri kwa shinikizo la kawaida la hewa. Sisi tunapogandisha samaki haraka tunashuka chini ya hapo, kwa hiyo upande wa kuvuta wa mtambo unakuwa na shinikizo dogo kuliko hewa ya nje. Sili ya shafti ikichakaa, gesi haitoki, bali hewa ndiyo inaingia, tena kimyakimya bila harufu ya kukushtua. Hewa hiyo haigeuki kuwa maji kwenye kondensa. Inakaa humo na kuchukua nafasi, na shinikizo linapanda mpaka mtambo unajizima.

Akafunga mpira mwembamba kwenye vali ndogo iliyo juu ya kondensa, akautumbukiza mwisho wake kwenye ndoo ya maji, akafungua kidogo sana. Mapovu makubwa yakapanda. Hiyo ni hewa, maji hayaimezi. Amonia maji huimeza. Mapovu yalipopungua na ndoo ikaanza kutoa mlio wa kutatarika, akafunga vali, akasubiri, akarudia. Usiku wa manane kompresa ilikuwa inakwenda bila kuzima. Sili akaibadilisha asubuhi.

Ndoo na mpira, kazi ya saa chache. Neno "isiyotarajiwa" likaanza kunikera hapo hapo.

Fomu yetu ya likizo ina mstari unaouliza jina la atakayeshika nafasi. Fundi aliuacha wazi. Mimi ndiye niliyejaza jina la kijana yule, nikasaini, na sikumuuliza kijana kama amewahi kutoa hewa kwenye mtambo hata mara moja. Hakuwahi. Sili ile fundi alikuwa ameiombea fedha tangu Juni. Kwa hiyo kilichotokea kilitarajiwa, ila si na mimi niliyeandika ujumbe.

Nimerudi kwenye maneno mengine pia. "Tunaomba." Sisi tulikuwa nani? Nilikuwa peke yangu na simu. "Kama inawezekana." Ilikuwa inawezekana kwa maana ya kwamba mabasi yapo. Na "natanguliza shukrani", ambayo tunaiandika kila siku chini ya barua bila kuisikia: unamshukuru mtu kwa jambo ambalo hajakubali. Akikataa baada ya hapo, si kwamba amekataa ombi tu, amekula shukrani za watu bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo mfululizo kwa mwaka, na ilipotungwa ilimkataza mwajiri kumtaka afanye kazi ndani ya siku hizo. Haikuishia hapo. Ilimkataza hata kumruhusu. Zamani niliona neno hilo la pili limezidi. Mtu akitaka mwenyewe, unamzuia kwa nini? Sasa nadhani walioliandika walikuwa wamekwisha kusoma jumbe kama wangu. Walijua kwamba "sawa, nakuja" ya mtu anayesubiri mkataba wake uhuishwe haikupi habari yoyote kuhusu anachotaka.

Rafiki yangu mmoja, naye msimamizi, ananiambia najitesa. Ungemwamuru, anasema, ungemvunjia heshima mzee wa watu. Huenda ni kweli. Lakini kama amonia ingekuwa inavuja kuelekea kwenye nyumba za jirani, ningempigia na kusema: rudi, nakuagiza, na lawama ni yangu. Amri ya namna hiyo ina mwenyewe. Ombi langu halikuwa na mwenyewe. Yeye alikuja kwa hiari, mimi niliomba tu, na hakuna aliyemkosea mtu. Deni lilipotelea ndani ya adabu. Sijui bado ningeandikaje. Pengine ningeanza kwa kumpigia na kuuliza: uko katikati ya nini?

Sikuuliza. Nililijua jambo hilo wiki mbili baadaye, nikipita karibu naye akiongea na simu. Alikuwa Kasulu kuezeka nyumba ya mama yake. Bati za zamani zilikuwa zimeshushwa siku moja kabla ya ujumbe wangu. Mafundi wa paa, mwenye kazi alipoondoka, walikwenda kwenye kazi nyingine. Mama alihamia jikoni chini ya turubai, na Oktoba mvua zikaanza.

Nilimwita ofisini, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Bosi, ulikuwa umeomba vizuri."

Siku 19 zilizobaki nilizilinda kama nilivyoahidi. Ratiba ya kiwanda ilimpatia nafasi Machi, wakati Kasulu mvua bado zinanyesha na hakuna anayefungua paa. Fomu aliileta imejazwa yote. Kwenye mstari wa atakayeshika nafasi alikuwa ameandika jina la kijana, na pembeni, kwa kalamu nyingine, tarehe tatu ambazo kijana ametoa hewa peke yake. Kwenye mstari wa sababu ya likizo aliandika: kupumzika.