Mwanangu, Hesabu Majaribio Kabla ya Kuhesabu Siku

Mwanangu, juzi uliniambia hutaki kwenda Shule ya Sheria. Unataka mtihani wa Uingereza, ule wa SQE, ili uwe solisita. Ulisema unafanywa kwa kompyuta, unafungua mlango wa dunia, na hauna balaa la 2022. Sikukukatiza, maana nilitaka umalize chai yako. Leo nipe nafasi na mimi.

Hofu yako naijua ilikotoka. Oktoba 2022, hapa mjini hakukuwa na ngazi ya ofisi ya wakili ambayo watu hawakusimama kuzungumza habari ile. Wanafunzi 633 wa kundi la 33 walikuwa wamefanya mitihani ya hiyo Shule ya Sheria, yaani Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Wengine 342 walipata sapu, wakatakiwa kurudia masomo waliyoanguka. Waliobaki 265 walidisko, wakaondolewa kabisa. Waziri wa wakati ule, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni.

Nyinyi vijana mlikariri ile 26, kwa sababu ndiyo inayotisha. Mimi nilikaa na ile 342. Hao hawakufaulu, lakini hawakufukuzwa pia. Walipewa nafasi nyingine. Ndiyo maana nakwambia, mtihani wa taaluma usiupime kwa ugumu wake tu. Uliza kwanza ukianguka unarudi wapi, unarudi mara ngapi, na unarudia nini.

Sasa tuuangalie huo SQE wako kwa swali hilohilo.

Ulianza Septemba 2021 na una ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ina karatasi mbili, FLK1 na FLK2, na kila moja ina siku yake. Siku moja ni maswali 180 ya kuchagua jibu moja bora kati ya matano. Yamegawanywa nusu kwa nusu: maswali 90 kwa saa mbili na dakika 33, unapumzika, kisha 90 mengine kwa muda uleule. Chukua kalamu ugawe. Ni kama dakika moja na sekunde 42 kwa swali, na humo humo usome kisa, uikumbuke sheria na uchague. Hakuna kitabu cha kufungua. Karatasi ya kwanza ina mikataba, madai, biashara na katiba. Ya pili ina ardhi, wosia, amana, jinai na hesabu za fedha za wateja. Ukitoka siku ya kwanza kichwa kinavuma, ya pili inakungoja siku chache tu mbele.

Hapo ndipo watu wa kwetu wanapoumia. Wanajiandaa kwa karatasi, hawajiandai kwa siku. Ipo kanuni pale kwamba ukikaa na kuanza karatasi, umetamka mwenyewe kuwa u mzima. Ukija na homa, ukajikaza kwa sababu ada umeshalipa, huwezi baadaye kuleta cheti cha malaria kiwe udhuru. Jaribio limehesabiwa. Na wewe nakujua, ungejikaza.

Majaribio yenyewe ni matatu kwa kila karatasi, ndani ya miaka sita. Miaka hiyo haianzi siku uliyojisajili, inaanza siku ya mtihani wa kwanza uliokalia. Tuseme umefanya Julai 2026. FLK1 umefaulu, FLK2 umeanguka. Vizuri, unarudia FLK2 peke yake. Unarudi Januari 2027 na ndoa ya dada yako ilikuwa Desemba, unaanguka. Unarudi Julai 2027 ukiwa na haraka ya kumaliza, unaanguka tena. Mwanangu, ndani ya mwaka mmoja umeyamaliza matatu yote. Sasa unakaa hadi Julai 2032 ndipo uombe upya. Na ile FLK1 uliyofaulu? Haikungoji. Unaanza nayo upya kama mtu ambaye hajawahi kuiona.

Ona basi, miaka sita walikupa, wewe ukaitumia mmoja. Hakuna aliyekulazimisha kurudi kila dirisha linapofunguka. Mwenye akili akianguka mara ya pili hulitafakari anguko hilo mwaka mzima, akatafuta ni maswali ya eneo gani yaliyomwangusha, ndipo aitumie nafasi ya tatu.

Ngazi ya pili ndiyo inayohitaji nauli. Ina vituo 16: 12 vya kuandika, vinavyochukua nusu siku tatu, na vinne vya kuzungumza, nusu siku mbili. Utamhoji mteja, utasimama kutetea hoja mbele ya hakimu wa mtihani, utaandaa nyaraka. Vya kuandika unaweza kuvifanyia nje ya Uingereza. Vya kuzungumza hufanyika Uingereza na Welisi tu. Kwa hiyo weka viza, tiketi na malazi kwenye hesabu. Na hapa ukianguka hurudii kituo kimoja. Unarudia vyote 16, na majaribio ni matatu vilevile.

Wala hujamaliza. Ni kweli hawaulizi kama digrii yako ni ya sheria, hata ya jiografia wanaikubali. Lakini watataka miaka miwili ya kazi ya kisheria, na kazi hiyo ithibitishwe na solisita wa huko. Mwanangu, panda ngazi zote kuanzia Mnara wa Saa mpaka Mtaa wa Jamhuri, uniambie ofisi ngapi zina mtu wa kukusainia.

Sasa kuna jambo ambalo rafiki zako hawakukwambia. Anayekuja kwao akiwa tayari ni wakili kamili wa nchi nyingine hadaiwi hiyo miaka miwili. Anaweza hata kuomba asamehewe ngazi ya pili, wakipima mafunzo na uzoefu wake. Kusamehewa si haki ya moja kwa moja, lakini mlango upo. Yaani njia unayoikimbia ya Shule ya Sheria ndiyo inayoifupisha ile unayoikimbilia.

Na kinyume chake si rahisi hivyo. Ukirudi na usolisita wako, ukasimama Kisutu umtetee mtu wa Kariakoo aliyekamatwa na mzigo, hakimu atauliza kama jina lako limo kwenye daftari la mawakili la Tanzania. Kwa kijana wa leo, njia ya kawaida ya kuingia humo ni digrii ya sheria, kisha shule hiyo iliyoundwa kwa sheria ya 2007, kisha maombi kwa Jaji Mkuu. Sisi wa zamani tulihojiwa kwa mdomo na Baraza la Elimu ya Sheria. Tulitetemeka kwa siku moja tukaenda zetu. Nyinyi mnatetemeka kwa wiki, lakini majibu yenu yanabaki kwenye maandishi. Sidhani kama sisi tulipendelewa.

Kwa hiyo sikukatazi Uingereza. Nakataa mpangilio. Anza hapa, uapishwe, ufanye kazi kidogo, ndipo uzitumie nafasi zako tatu ukiwa na miaka sita yote mkononi. Ada ya SQE usiilipe mwezi huu. Jumatatu nenda chuoni ukachukue matokeo yako ya digrii, uniletee ofisini, tujaze pamoja fomu ya Shule ya Sheria.