Folio Namba Moja

Shangazi yangu aliingia darasani tarehe 1 Julai 1986, mwalimu wa daraja la tatu A, mkononi ana barua ya ajira na sanduku la bati. Akatoka tarehe 30 Juni 2023, siku alipotimiza miaka 60. Hiyo ni miaka 37 kamili, yaani miezi 444. Karatasi ya hesabu ya mafao aliyopewa ilisema miezi 360. Miaka 7 haikuwemo.

Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akanitazama. "Mwanangu, hii miaka nilikuwa wapi?"

Ofisini walimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliotaka kummaliza: Mama, chukua hiki kilichopo, mengine ni ya zamani, karatasi zimeshaoza. Mwalimu uliyestaafu, au unayekaribia, nakuomba ukatae sentensi hiyo kama alivyoikataa yeye. Hakugombana na mtu. Alipokea alicholipwa, maana njaa haisubiri barua, na siku hiyohiyo akaandika kwamba amepokea ila hesabu haijakamilika, na kwamba anadai miezi 84. Nakala yake akaigongesha muhuri wa mapokezi. Muhuri ule wa wino wa bluu, wenye tarehe, ndio silaha yake ya kwanza. Atakayesema baadaye kwamba aliridhika ataonyeshwa karatasi hiyo.

Tuone kwanza miezi 84 ni nini, kwa sababu wengi huachia miaka yao wakidhani ni vijisenti. Kwa kanuni iliyoanza tarehe 1 Julai 2022, pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha miezi ya utumishi kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka 3 iliyo bora, kisha kugawa kwa 580. Alipostaafu shangazi, asilimia 33 ya pensheni hiyo ilizidishwa kwa 12.5 ikawa mkupuo, na asilimia 67 ikagawanywa kwa miezi 12 ikawa pensheni ya kila mwezi. Viwango vya mkupuo vimebadilika tangu hapo, kwa hiyo tumia vya mwaka wako.

Wastani wake ulikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 360, mkupuo ulikuwa shilingi milioni 36.87 na pensheni 499,034 kwa mwezi. Kwa miezi 444, mkupuo ni milioni 45.47 na pensheni 615,476. Tofauti ni shilingi milioni 8.6 mkononi, na zaidi ya shilingi 116,000 kila mwezi kwa umri wote uliobaki. Hizo ni dawa zake za presha, mbolea ya shamba lake na ada ya mjukuu. Alizifanyia kazi kwa kusimama mbele ya watoto 90 katika chumba kisicho na madirisha. Usimruhusu mtu aziite za zamani.

Sasa, miaka hupotelea wapi? Hapa ndipo mwalimu anapaswa kufungua macho, kwa sababu mara nyingi hakuna mwizi. Kuna jalada tu. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali mwenye ajira ya kudumu na pensheni hakukatwa mchango wa pensheni. Sheria ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa PSPF na makato yake, na mwaka 2018 mfuko huo ukaunganishwa na mingine ukawa PSSSF. Maana yake ni moja: miaka yako ya baada ya Julai 1999 ina alama ya fedha kila mwezi, unaweza kuomba taarifa ya michango na kuihesabu. Miaka ya kabla ya hapo haina mchango hata mmoja wa kuishuhudia. Shahidi wake ni karatasi iliyo ndani ya jalada lako kwa mwajiri. Karatasi ikikosekana, miaka inakosekana.

Shangazi alihamishwa Julai 1993 kutoka wilaya moja ya Kanda ya Ziwa kwenda nyingine. Tulipoomba kuonyeshwa jalada lake katika wilaya alikostaafia, afisa utumishi, kijana mwenye subira, alilifungua mbele yetu. Kila karatasi ndani ya jalada huandikwa namba juu kwenye kona, nayo huitwa folio. Shangazi hakuangalia katikati. Alirudi nyuma mpaka karatasi ya chini kabisa, folio namba 1. Ilikuwa barua ya uhamisho ya 1993.

Tazama alichokiona mwalimu huyu. Jalada la mtumishi huanza na barua ya ajira. Likianza na barua ya uhamisho, basi hilo ni jalada la pili, na la kwanza lipo mahali pengine. Wilaya iliyompokea ilifungua jalada jipya, na miaka mingi baadaye, taarifa zilipoingizwa kwenye kompyuta, karani akachukua tarehe ya karatasi ya kwanza aliyoikuta na kuiandika kuwa tarehe ya kuajiriwa. Kosa la kalamu, la dakika moja, likala miaka 7.

Na karatasi ileile iliyomponza ilikuwa imebeba njia ya kutokea. Upande wa juu wa barua ya uhamisho paliandikwa Kumb. Na., kisha namba. Hiyo ni namba ya jalada ilikotoka barua hiyo, yaani jalada la zamani. Shangazi akainakili kwenye daftari lake kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Tukapanda basi kwenda kwenye masjala ya wilaya ya kwanza. Jibu: hakuna jalada la jina hilo. Tukaambiwa pia wilaya iligawanywa mwaka 2012, huenda majalada yalikwenda upande mpya. Tukaenda upande mpya. Hakuna. Jioni ile, kwenye benchi la stendi, alinyamaza muda mrefu, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia turudi nyumbani. Kumbe alikuwa anawaza. "Mwaka 1986 sikuwa na jina la mume wangu," akasema. "Niliajiriwa kwa jina la baba."

Kesho yake asubuhi tulirudi masjala ya kwanza. Safari hii hakutaja jina, alitaja namba. Mhudumu akaingia ndani kwenye rafu za majalada yasiyotumika, akakaa huko zaidi ya saa nzima, akatoka na jalada limepauka, kamba yake imekatika. Folio namba 1: barua ya ajira ya 1986, jina la ubini wa babu yangu. Folio zilizofuata zilikuwa na barua ya kuthibitishwa kazini na ya kupandishwa daraja. Shangazi aliweka kiganja juu ya jalada kama anayemtuliza mtoto.

Mwalimu mwenzangu, usidhani kazi iliisha hapo. Nasema hivi kwa sababu wengi hukata tamaa wakiwa wamebakiza hatua chache. Jalada likipatikana, bado mambo mawili yanahitaji kuthibitishwa. La kwanza ni kwamba mwenye majina yote mawili ni mtu mmoja. Hapa hati ya kiapo inafaa, ikiambatana na cheti cha ndoa na cheti cha ualimu. Lakini kiapo kina mpaka wake: kinaunganisha majina, hakizalishi utumishi. Mtu aliyekwenda na kiapo peke yake, kwamba nilifundisha tangu 1986, hatafika mbali, hata kama ni kweli tupu.

La pili ni mwendelezo. Lazima ionekane kwamba hukuacha kazi halafu ukaajiriwa upya. Shangazi alikuwa na hati ya mshahara ya Juni 1993 kutoka wilaya ya kwanza, na ya Julai 1993 kutoka ya pili, zote zina cheki namba ileile. Alizitoa kwenye lile sanduku la bati. Angekuwa amezipoteza, angeweza kwenda shule aliyofundisha kuomba nakala za kitabu cha mahudhurio ya walimu na kitabu cha kumbukumbu za shule, au kuuliza ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo nayo hutunza kumbukumbu za ajira na vyeo vya walimu. Kuna zaidi ya mlango mmoja. Mmoja ukifungwa, bisha mwingine.

Kisha ikaja hatua ambayo mstaafu hawezi kuiruka: Mfuko haubadilishi tarehe ya ajira kwa maneno ya mstaafu, unataka mwajiri athibitishe. Kwa hiyo barua yake aliielekeza kwa mkurugenzi wa halmashauri ya mwisho, akaomba jambo moja tu, athibitishiwe utumishi wa tangu tarehe 1 Julai 1986, na nakala zikaenda Tume na ofisi ya Mfuko. Ukurasa mmoja. Hakueleza machungu yake wala hakumtukana aliyekosea. Aliambatanisha nakala za karatasi zilizothibitishwa, kila moja na namba yake, na ndani ya barua akaonyesha ipi inathibitisha nini. Karatasi halisi hakumwachia mtu hata mmoja.

Akatokea bwana mmoja pale nje ya ofisi, shati limepigwa pasi, akasema anawafahamu watu wa ndani na kwa laki tatu mambo yatakwisha wiki hiyo. Nilishawishika, nakiri kwa aibu. Shangazi akamwambia, "Baba, mimi naomba miaka yangu, sinunui." Kila mwezi alirudi dirishani, akataja tarehe ya barua yake na muhuri wake, akauliza imefika meza ya nani, akaandika jibu kwenye daftari pamoja na siku. Kurasa za daftari lile zilijaa. Mwenye kumbukumbu zilizoandikwa hazungushwi kwa urahisi. Kila afisa aliyemwambia njoo wiki ijayo alimwona akiiandika hiyo wiki ijayo.

Ilichukua miezi 14. Tarehe ilirekebishwa, nyongeza ya mkupuo ikaingia, na mapunjo ya pensheni ya miezi hiyo, karibu shilingi milioni 1.63, yakalipwa pamoja.

Wewe uliyebakiza miaka 2 au 5, una nafasi ambayo shangazi hakuwa nayo. Mwajiri wako bado ni mwajiri wako, na mwalimu mliyefundisha naye bado yuko hai kukukumbusha ulihama mwaka gani. Wiki hii omba kwa maandishi uambiwe tarehe ya ajira inayosomeka kwenye kumbukumbu zako. Ilinganishe na barua yako ya kwanza. Jina lako litazame herufi kwa herufi. Waliohamishwa, walioolewa, waliofundisha katika wilaya zilizogawanywa, nawaambia ninyi hasa: msingoje sherehe ya kuagwa.

Jumamosi iliyopita nilimkuta shangazi barazani na mzee mmoja aliyestaafu mwaka jana, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Mzee alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili, anaeleza kwamba kwake imepungua miaka 4 na ameambiwa asahau. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea chai, akafungua daftari ukurasa mpya.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Folio namba moja kwenye jalada lako ni barua gani?"