Mipaka ya Kalamu ya Mhariri: Istilahi na Sentensi Inayoibeba

Mhariri anapokabidhiwa muswada wa kitaaluma wenye sarufi mbovu, wajibu wake wa kwanza haupingwi: airekebishe lugha. Swali linalotushughulisha katika makala haya ni la kimaadili zaidi kuliko la kisarufi. Je, idhini ya kusahihisha sentensi inampa mhariri idhini ya kugusa istilahi zilizomo? Hoja yetu ni kwamba haimpi, na kwamba katika Kiswahili hatari ya kulisahau jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue mfano wa muswada wa sarufi wenye maneno haya: "Katika kauli ya kutendwa, kiima ndio inapokea tendo, iko mbele ya kitenzi, na kitenzi inapatana na kiima." Makosa ya upatanisho yako wazi. Mhariri mwangalifu ataandika: "Katika kauli ya kutendwa, kiima ndicho kinachopokea tendo, hutangulia kitenzi, na kitenzi hupatana na kiima hicho." Maneno mengi yamebadilika, lakini dai la mwandishi limebaki lilivyokuwa.

Mhariri mwingine, aliyefunzwa tangu darasa la insha kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtindo, ataona "kiima" mara mbili na kumalizia hivi: "na kitenzi hupatana na mtenda huyo." Sentensi ni fasaha, lakini ni ya uongo. Katika "Chakula kililiwa na mtoto", kiima ni chakula ilhali mtenda ni mtoto, na kiambishi ki- katika "kililiwa" kinarejelea chakula. Lau kitenzi kingepatana na mtenda, tungelazimika kusema "Chakula aliliwa na mtoto", kauli ambayo hakuna mzawa wa lugha hii atakayeikubali. Kosa hili huzaliwa kwa urahisi kwa sababu katika "Mtoto alikula chakula" kiima na mtenda ni neno lilelile.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni jinsi upatanisho unavyoficha nyayo. Mara tu "kiima" kinapogeuzwa kuwa "mtenda", "hicho" hugeuka "huyo", nayo sentensi hutulia. Msomaji wa prufu hana ishara yoyote ya kumzindua, kwani viambishi vyote vinakubaliana. Usahihi wa kisarufi umekuwa pazia la upotofu wa maana.

Yamkini itasemwa kwamba hayo ni mabishano ya wanaisimu. Tutazame basi kijikaratasi cha afya chenye onyo hili: "Mtu amemeza Panadol asimeze dawa ingine iko na parasetamoli." Marekebisho yanayofaa ni: "Mtu aliyemeza Panadol asimeze dawa nyingine yenye parasetamoli." Mhariri anayejua kwamba Panadol ni parasetamoli anaweza kushawishika kusawazisha majina na kuandika "dawa nyingine yenye Panadol". Hapo onyo limekufa. Panadol ni jina la bidhaa. Parasetamoli ni kiambato, na ndiyo inayoandikwa kwenye pakiti za dawa kadhaa za mafua. Msomaji atatafuta neno "Panadol" kwenye pakiti hizo, alikose, kisha ameze. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500. Kukizidi kunaweza kuliharibu ini. Kusawazisha kwa upande wa pili nako kuna hasara, kwa maana anayeijua dawa yake kwa jina la pakiti tu hatatambua kwamba ndiye anayeonywa. Majina yote mawili yana kazi.

Hata hivyo, hatudai kwamba istilahi haikosewi. Mwandishi mwenyewe anaweza kuchanganya kiima na mtenda. Katika hali hiyo mhariri ana njia moja ya haki: aandike swali pambizoni, "Je, hapa ni kiima au mtenda?", na kulirudisha kwa mwandishi. Sentensi ni mali ya lugha, na yeyote aimudue lugha ana haki ya kuinyoosha. Istilahi ni mapatano ya watu wa fani, na atakayeulizwa juu yake ni yule ambaye jina lake limechapishwa juu ya makala. Kuibadilisha kimyakimya ni kumtwika dai ambalo hakulitoa, na kumnyima nafasi ya kulikana kabla halijasomwa.

Kwa hiyo, mhariri amalizapo kazi yake na aweke muswada wa awali kando ya uliosahihishwa, apitie istilahi na majina peke yake, moja baada ya jingine. Lolote lililobadilika bila swali pambizoni na lirejeshwe.